1/x^p: kwa nini karibu na sifuri tunataka p < 1, na kwenye infiniti tunataka p > 1?

#1 Kigeu_X
Wakuu, salaam. Sheria yenyewe naijua. Intigrali ya 1/x^p kutoka 0 hadi 1 ina jibu pale tu p ikiwa chini ya 1. Kutoka 1 hadi ∞ ina jibu pale tu p ikizidi 1. Ninachotafuta ni sababu. Funksheni ni ileile na kipeo ni kilekile, lakini upande mmoja kipeo kikubwa kinaokoa na upande wa pili kinaharibu. Halafu kwa nini mpaka uwe 1 pande zote mbili, usiwe 2 au nusu? Watu wengi huzichanganya pande hizi kwenye mtihani, na aliyekariri tu akisahau hana pa kuanzia.

#2 Mraba_Kamili
Mbona rahisi mkuu. p ikizidi 1 jibu lipo, isipozidi halipo. Ni sawasawa na mfululizo wa 1/n^p. Upande wa sifuri usikuumize kichwa, tumia sheria hiyohiyo. 1/x² ina jibu, 1/√x haina, umemaliza.

#3 Bi_Kokotoa
Mraba_Kamili, ulichosema ni kweli kwa infiniti peke yake. Mfululizo unaanzia n = 1 na kusonga mbele, hauna habari na yanayotokea kati ya 0 na 1. Pima mwenyewe. Anza kwenye namba ndogo h badala ya sifuri, uende mpaka 1.

Kwa 1/x² unapata 1/h − 1. Ukiweka h = 0.01 eneo ni 99, ukiweka h = 0.001 linakuwa 999. Hilo halitulii kamwe.

Kwa 1/√x unapata 2 − 2√h. h = 0.01 inatoa 1.8, na h = 0.0001 inatoa 1.98. Linaelekea 2 na haliwezi kupita hapo, ingawa grafu yenyewe inapanda bila mwisho.

#4 Fundi_Vipeo
Naongeza kwenye #3. Ukiondoa p = 1, intigrali ya 1/x^p ni x^(1−p) ikigawanywa kwa (1−p). Kila kitu kimo kwenye alama ya 1 − p. Ikiwa chanya, namba ndogo ikipandishwa kwa kipeo hicho inafifia kuwa sifuri, na namba kubwa inazidi kukua. Ikiwa hasi, mambo yanageuka. Hakuna kipeo kinachoweza kufifisha h inapokwenda sifuri na papo hapo kikafifisha N inapokwenda infiniti. Ndiyo maana 1/x^p kutoka 0 hadi ∞ haina jibu kwa p yoyote ile. Na p ikiwa 1 unapata logi asilia, ambayo inakimbia pande zote mbili: ln h inakwenda chini bila mwisho, ln N inakwenda juu bila mwisho.

#5 Kigeu_X
Ahsante Fundi. Hesabu nimeifuata na sina ubishi nayo. Lakini inanionyesha kwamba pande zinageuka, bado sijaona kwa nini. Ningependa mtu aweze kuliona bila kukokotoa.

#6 Kioo
Chora 1/√x kutoka 0 hadi 1. Unaona mraba wa 1 kwa 1 chini, na juu ya mraba kuna mnara mwembamba unaopanda ukiegemea mhimili wa y. Sasa badilishana mihimili, x ikae mahali pa y. y = 1/√x inakuwa x = 1/y². Ule mnara umelala chini na kuwa mkia wa 1/y² kuanzia 1 hadi ∞. Eneo halijabadilika, karatasi imegeuzwa tu. Mkia huo una eneo 1, ongeza mraba wenye eneo 1, jumla 2. Ndiyo 2 ya Bi_Kokotoa pale #3.

Kwa ujumla, mnara wa p ni mkia wa 1/p. Mkia unataka kipeo kizidi 1, kwa hiyo 1/p izidi 1, yaani p iwe chini ya 1. Hapo ndipo sheria inapogeuka. Na 1/x ukiigeuza inabaki ileile, kwa hiyo mnara wake na mkia wake lazima vifanane. Mpaka hauwezi kukaa mahali pengine.

#7 Fundi_Vipeo
Nzuri hiyo, ila mimi naona njia fupi zaidi ni kuweka u = 1/x. Sehemu ya 0 hadi 1 inahamia 1 hadi ∞, na kwa sababu dx inaleta 1/u², 1/x^p inageuka kuwa 1/u^(2−p). Basi swali la sifuri kwa p ni swali la infiniti kwa 2 − p. Sharti 2 − p > 1 ni sawa na p < 1.

#8 Kigeu_X
Sasa mmenichanganya. Kioo anasema nusu ya upande wa sifuri inaoana na 2 ya upande wa infiniti. Fundi anasema inaoana na 3/2. Haziwezi kuwa zote mbili.

#9 Bi_Kokotoa
Zinaweza, kwa sababu ni mageuzi mawili tofauti. Njia ya Kioo inahamisha mnara peke yake na kuuacha mraba, ndiyo maana mkia wake ni 1 halafu anaongeza 1. Njia ya Fundi inahamisha eneo zima pamoja na mraba, na mkia wa 1/u^(3/2) una eneo 2 moja kwa moja. Majibu yanalingana.

Tofauti ipo kwenye mipaka ya kila njia. Ya Kioo inataka p iwe chanya, kwa sababu p ikiwa sifuri au hasi hakuna mnara wa kugeuza. Ya Fundi haichagui p. Zote mbili zinaiacha 1 mahali pake: kinyume cha 1 ni 1, na 2 − 1 ni 1.

#10 Daraja_Mbili
Nawaheshimu wote, lakini #6 na #7 zina pengo moja. Zinaonyesha kwamba pande mbili za 1/x zinafanana. Hazionyeshi kwamba pande hizo hazina kikomo. Vitu viwili vinaweza kufanana na vyote vikawa na jibu. Kioo hata ametumia sheria ya mkia kana kwamba imeshathibitishwa.

Kata mstari wa x kwenye 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Ukihamia kipande cha kulia kinachofuata, upana unazidishwa mara 2 na urefu unagawanywa kwa 2^p. Basi eneo linazidishwa kwa 2^(1−p), kila mara, bila kujali uko wapi. Kwa p = 2 vipande ni 1/2, 1/4, 1/8, na jumla yake ni 1. Kwa p = 1 upana unaoongezeka na urefu unaopungua vinafutana kabisa, kila kipande kina eneo ln 2, karibu 0.693, na vipande havina idadi. Huwezi kujumlisha 0.693 bila mwisho ukapata namba.

Sasa rudi kushoto: 1, 1/2, 1/4, 1/8. Ni mwendo uleule uliogeuzwa. Upana unapungua nusu, urefu unazidishwa kwa 2^p, eneo linazidishwa kwa 2^(p−1). Kwa p = nusu, kipande cha kwanza ni 2 − √2, yaani karibu 0.586, na kila kinachofuata ni 0.707 ya kilichotangulia. 0.586 ukigawanya kwa (1 − 0.707) unapata 2. Namba ileile ya #3.

Kigeu_X, hapo huhitaji kukariri. Kulia upana unakua na urefu unapungua, kwa hiyo unataka urefu upungue haraka. Kushoto urefu unakua na upana unapungua, kwa hiyo unataka urefu ukue polepole.

#11 Kigeu_X
Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Shukrani.

#12 Kioo
Vipande vya #10 navikubali, na pengo alilolionyesha ni la kweli. Lakini #10 haikupi namba ya eneo bila kwanza kujua kipande cha kwanza, na 2 − √2 hiyo ameipata kwa fomula ya #4. Kugeuza karatasi hakutaki kitu hicho.

#13 Swali_Langu
Samahani kwa kuingilia. Nina ∫ kutoka 0 hadi ∞ ya dx / (√x (1 + x)). Kwa kuwa Fundi amesema #4 kwamba 0 hadi ∞ haina jibu kwa p yoyote, nimeandika kwamba hii haina jibu. Niko sawa?

#14 Fundi_Vipeo
Hapana. Nilisema hivyo kuhusu 1/x^p tupu, yenye kipeo kimoja mwanzo mpaka mwisho. Yako inabadili tabia njiani. Igawe kwenye 1 kisha uzikague sehemu mbili kila moja peke yake. Unaweza kuigawa kwenye 5 au popote penye x chanya, hukumu haibadiliki.

Karibu na sifuri, 1 + x ni kubwa kuliko 1, kwa hiyo funksheni yako iko chini ya 1/√x. Hapo p ni nusu, sehemu hii inapita na eneo lake halifiki 2.

Kuelekea infiniti, 1 + x ni kubwa kuliko x, kwa hiyo funksheni yako iko chini ya 1/x^(3/2). Hapo p ni 3/2, inapita pia, na eneo halifiki 2.

Jumla basi iko chini ya 4. Ukitaka jibu kamili weka x = t². √x inakuwa t, dx inakuwa 2t dt, t zinafutana, unabaki na 2/(1 + t²) kutoka 0 hadi ∞. Jibu ni π. Na ukitazama, sehemu ya 0 hadi 1 ni π/2 na iliyobaki ni π/2. Hiyo ndiyo u = 1/x ya #7 ikifanya kazi: nusu inageuka 3/2, na funksheni hii ina nusu upande mmoja na 3/2 upande wa pili.

Kosa la kuepuka ni kuanza na jibu moja kwa kitu kizima. Sehemu moja isipokuwa na jibu, yote haina. Usitarajie sehemu nyingine ije kuifuta.

#15 Mraba_Kamili
Ngoja Fundi. Ukizidisha asili unapata √x + x√x. Kipeo kikubwa ni 3/2. Kwa sheria yenu wenyewe, karibu na sifuri 3/2 imezidi 1, basi haina jibu. Mbona umechukua nusu?

#16 Bi_Kokotoa
Kipeo kikubwa kinatawala x ikiwa kubwa. Karibu na sifuri kinachotawala ni kipeo kidogo. Weka x = 0.0001. √x ni 0.01, x√x ni 0.000001. Ya kwanza ni mara elfu kumi ya ile ya pili, kwa hiyo asili ni kama √x tu. Weka x = 10,000: √x ni 100, x√x ni 1,000,000, mambo yamepinduka. Wengi huteleza hapa kwa sababu wamezoea kutazama infiniti, wanabeba mazoea hayo mpaka sifuri.

Na usisahau kiasi. (1 − cos x)/x² ina x² kwenye asili, lakini karibu na sifuri haina mnara wowote. Weka x = 0.01: kiasi ni karibu 0.00005, asili ni 0.0001, unapata nusu. Kiasi kimekula ile x² yote.

#17 Haraka_Tu
Mnajitesa bure. Andika programu, anza kwenye namba ndogo sana, utaona kama jibu linatulia.

#18 Daraja_Mbili
Kwa 1/x² na 1/√x utaona. Ukikaribia 1 utadanganyika. Linganisha p = 0.99 na p = 1, zote kutoka h hadi 1:

```python
from math import log
for k in (6, 20, 100):
    h = 10.0**-k
    print(k, 100*(1 - h**0.01), -log(h))
```

k ikiwa 6 unapata 12.90 na 13.82. Nani atakwambia ipi ina jibu? k ikiwa 20 ni 36.90 na 46.05. k ikiwa 100 ni 90.00 na 230.26. Ile ya kwanza jibu lake ni 100 kamili, na hata ukianza kwenye 10 kwa kipeo cha −100 bado limepungua 10. Kwa lugha ya vipande, kila kipande ni karibu 0.993 ya kilichotangulia. Vinapungua, lakini polepole mno. Na hapo nimetumia fomula. Programu inayojumlisha vipande vidogo vyenye upana sawa haitakaribia hata kidogo, maana sehemu kubwa ya eneo imejibana karibu kabisa na sifuri.

#19 Haraka_Tu
Basi aanze kwenye 10 kwa −300.

#20 Daraja_Mbili
Atapata 99.90 kwa ile ya kwanza. Sasa jaribu p = 0.999, ambayo jibu lake ni 1000. Kwenye 10 kwa −300 utapata karibu 499, nusu tu, na namba za kawaida za kompyuta haziendi chini sana ya hapo.

#21 Tufe
Kigeu_X aliuliza kwa nini mpaka ni 1, na naona jibu halijatoka. Ni 1 kwa sababu tuko kwenye mstari. Chukua 1/r² ndani ya tufe lenye nusu kipenyo 1, r ikiwa umbali kutoka kitovu. Kwenye mstari 1/x² karibu na sifuri haina jibu. Ndani ya tufe ina jibu, na ni 4π, kwa sababu ganda la tufe lina eneo 4πr² ambalo linafuta 1/r². Kwenye tufe mpaka ni 3, kwenye bapa ni 2. Vipande vya #10 vinaonyesha hivyohivyo: ukizidisha r mara 2, ujazo wa ganda unazidishwa mara 8, na kipande kinazidishwa kwa 2^(3−p). Ile 1 ni idadi ya vipimo vya mahali ulipo.

#22 Kioo
Tufe, hiyo inaeleza kipeo, haielezi mpaka wenyewe. Ukisema mpaka ni 1/x unaacha kitu. Chukua 1/(x (ln x)²). Kutoka 2 hadi ∞ jibu ni 1/ln 2, karibu 1.443. Kutoka 0 hadi 1/2 jibu ni lilelile. Kipeo cha x ni 1 kamili na pande zote mbili zina jibu! Ondoa mraba wa logi, ubaki na 1/(x ln x), jibu linapotea pande zote. Kumbe kwenye p = 1 kuna mpaka mwingine ndani ya mpaka, na unaamuliwa na kipeo cha logi.

#23 Tufe
Hilo haliipingi hoja yangu. Weka v = ln x, na 1/(x (ln x)²) inakuwa 1/v² kwenye mstari wa v. Ni sheria ileile ya p, imepanda ngazi moja tu.

#24 Kioo
Na ngazi hiyo inarudiwa: 1/(x ln x (ln ln x)²) ina jibu kwenye infiniti, na unaweza kuendelea hivyo bila kufika mwisho. Kwa hiyo hakuna funksheni moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema huu ndio mpaka. Vipimo vya mahali haviwezi kuniambia hilo.

#25 Fundi_Vipeo
Mnabishana maswali mawili tofauti. Tufe anajibu kwa nini kipeo ni 1, Kioo anauliza kinachotokea baada ya kipeo kuwa 1. Kwa kazi za kawaida, kipeo kikikutana na 1 kamili simama, tafuta logi, usitoe hukumu kwa sheria ya p peke yake.

#26 Kioo
Fundi, sikubali kwamba ni maswali mawili. Tutarudi hapo.

#27 Swali_Langu
Nimeelewa #14. Sasa nikiwa na dx / (x^a (1 + x^b)) kutoka 0 hadi ∞, b ikiwa chanya, ni sahihi kusema nahitaji a < 1 na a + b > 1?

#28 Bi_Kokotoa
Sahihi. Sifuri inaiona a peke yake, infiniti inaiona a + b. Ijaribu kwa a = 1/2 na b = 1/2: sifuri inapita, lakini kwenye infiniti a + b ni 1 kamili na hakuna logi ya kuokoa. Haina jibu.

#29 Mraba_Kamili
Na b ikiwa hasi?

#30 Bi_Kokotoa
Nafasi zinabadilishana. b ikiwa hasi, x^b inakuwa kubwa karibu na sifuri na inafifia kwenye infiniti. Kwa hiyo sifuri ndiyo inayoiona a + b, na infiniti inaiona a. Masharti ni a + b < 1 na a > 1. Chukua a = 3/2 na b = −1, ufungue mabano uone unapata nini.

#31 Mraba_Kamili
x^(3/2) mara (1 + 1/x)... inakuwa x√x + √x. Hiyo si ya Swali_Langu pale #13?

#32 Bi_Kokotoa
Ndiyo yenyewe, na jibu lake unalo.